BI-RADS 0 si "hakuna kitu"

Juzi msomaji mmoja alinitumia picha ya ripoti yake ya mamogramu, yaani eksirei ya matiti. Chini yake ameandika: "Dada, nimepata sifuri, Mungu ni mwema!" Nguvu ziliniisha. Maneno hayo hayo niliyasema mimi miaka 4 iliyopita.

Ripoti yangu ilisema tishu za matiti ni daraja C, na titi la kushoto lina eneo lisilofanana na la kulia. Mwisho kabisa: BI-RADS 0, yaani namba ambayo daktari wa picha huipa ripoti ya titi kueleza alichokiona na hatua inayofuata. Pale mapokezi nilikabidhiwa bahasha, basi. Nikaenda nayo nyumbani, nikaifungia kabatini miezi 7.

Sifuri maana yake daktari wa radiolojia hajamaliza kazi. Anataka picha za nyongeza, altrasaundi, au picha zako za zamani alinganishe. Kwangu kizuizi kilikuwa ile C. Daraja huanzia A, titi ambalo karibu lote ni mafuta, hadi D, lililojaa tishu nzito. Mafuta hutokea meusi kwenye picha, tishu nzito nyeupe, na uvimbe nao mweupe. Ni kama kutafuta punje ya mchele iliyoangukia kwenye sembe. Na daraja hilo hulijui kwa kujipapasa, linaonekana kwenye picha tu.

Niliporudi, kwenye mashine ya mamogramu walilibana lile eneo dogo peke yake. Tishu za kawaida zikibanwa hivyo hutawanyika, na kivuli hupotea. Changu kilibaki. Altrasaundi ikaonyesha uvimbe wa milimita 14, umbo halieleweki, kingo zimetoa miiba. Ungekuwa wa mviringo wenye kingo laini, pengine ningepewa 3, ambapo uwezekano wa saratani hauzidi asilimia 2, na kwa kawaida huambiwa urudi baada ya miezi 6. Mimi nilipewa 4C: uwezekano unaozidi asilimia 50 hadi 95. Hapo hakuna kusubiri, ni sindano ya kuchukua kinyama kikapimwe maabara, kwa sababu namba hukisia tu na jibu hutoka maabara. Jibu langu likaja: saratani.

Matibabu nimemaliza, namshukuru Mungu. Ile miezi 7 ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Ndugu zangu, usiipokee bahasha ukaondoka. Uliza namba, uliza na daraja la tishu. 1 na 2 ndizo za kurudi kwenye ratiba yako ya kawaida. 3 ina tarehe, iandike ukutani. 4 na 5 ulizia sindano siku hiyo hiyo. Na ukishika uvimbe kwa mkono wako, hata 1 isikunyamazishe, hasa kama tishu zako ni C au D. Dai altrasaundi.

Dada wa juzi nimempigia. Kumbe alipiga mamogramu nyingine miaka 2 nyuma, hospitali tofauti, na CD anayo. Alhamisi anarudi nayo.