Dada fundi umeme, jina lako liko kwenye karatasi gani?

Mdogo wangu uliyetoka VETA juzi, nikwambie kilichonichelewesha miaka mitatu. Nilikuwa natindua ukuta, nalaza paipu, navuta waya, nafunga meni suichi. Lakini mteja akiomba umeme TANESCO, mchoro wa waya ringi unatakiwa uwe na sahihi na mhuri wa mkandarasi mwenye leseni ya EWURA. Mimi sikuwa nayo. Kwa hiyo kila nyumba niliyofunga Kivule ilibeba jina la bosi. Jirani akipenda kazi, namba anayopewa ni ya bosi.

Nilipotaka kuomba leseni yangu, nikawa sina cha kuonyesha. Nilimwendea bosi aniandikie barua ya kazi zote za nyuma. Alikuwa ameshazisahau, na hakuwa na haraka. Siku hizi nawaambia wasichana: omba barua siku ile ile mhuri unapogongwa, maana ndiyo siku anayokuhitaji. Iandike mwenyewe, yeye asaini tu: tarehe, mtaa, vyumba vingapi, taa na soketi ngapi, na kipimo cha mega ulichopata, kile kinachoonyesha kama waya zinavujisha umeme. Kwa volti 500 kisishuke chini ya megaomu 1. Kikishuka, tafuta kwanza waya uliochubuka au boksi lenye unyevu, ndipo uandike.

Wenzako sasa. Fundi umeme mwenzako wa kike atakwambia bei ya pointi na mteja gani halipi, hilo hulipati kwa wanaume wa saiti. Ila kazi zangu nyingi zimeletwa na dada anayejenga. Paipu zetu zinaingia kabla ya plasta, kwa hiyo mwashi anaijua nyumba inayohitaji fundi umeme wiki kadhaa kabla ya mwenye nyumba kuwaza taa. Mimi nami napeleka kazi kwa fundi bomba na fundi vigae. Hatugombanii mkate mmoja.

Anayekushika mkono ni mwingine kabisa. Kwangu alikuwa mzee mwenye duka la vifaa vya umeme. Wateja humuuliza, "Mzee, nipatie fundi." Miezi mingi alinipa ushauri tu, asinitaje. Akinitaja kazi ikaharibika, wateja watamlaumu yeye. Basi nikaanza kumpelekea picha ya kila boksi la sakiti breka likiwa wazi, kabla sijafunika: waya zimenyooka, kila breka ina kijikaratasi kinachosema ni ya jiko au soketi za sebuleni. (Ile picha ya kofia ngumu na tabasamu nayo niliiweka mtandaoni. Ilipata pongezi nyingi, kazi hakuna.)

Siku moja mteja alisita: "Mwanamke ataweza?" Mzee hakubishana naye. Alimpa simu, mteja akatazama picha za maboksi matatu, akauliza kama Jumamosi nitakuwa na nafasi.