Muziki gani huu wa kuteleza kwenye barafu?

"Wawili wameanza wamepiga magoti, muziki unapanda taratibu mpaka mwishoni wanaanguka, dakika 4 na nusu hivi, ni muziki gani?"

Hiyo ni Bolero ya Ravel. Kuna aliyejibu kuwa ni Carmen, ile opera ya Bizet, naye hajakosea sana, zote zina ladha ya Kihispania, ila Carmen inabadilika mudi, hii spidi ileile na kangoma kanarudia mdundo mmoja mwanzo mwisho, zinaongezeka ala na sauti tu. Kama ni Torvill na Dean, wale Waingereza wa Olimpiki ya Sarajevo 1984, yale magoti ulikuwa ujanja bwana, muziki wao ulikuwa dakika 4:28 na kikomo kilichoruhusiwa kilikuwa 4:10, ila saa ilianza kuhesabu pale chuma cha kiatu kinapogusa barafu, kwa hiyo muda wa magotini haukuhesabiwa.