Namba 42 ina sentimita ngapi? Jinsi ya kuandika saizi za viatu mteja asikosee

Mteja akikuandikia "navaa 42" bado hajakuambia unyayo wake una urefu gani. Amekutajia namba iliyo kwenye kiatu alichonacho nyumbani, na hujui kiatu hicho kilitengenezwa kwa kipimo cha nani. Nawe ukimjibu "ipo, 42 kamili", mmeafikiana kuhusu namba tu. Kiatu kikitoka Kariakoo kwenda Mwanza kwa basi halafu kikarudi kwa sababu vidole vimegusa mbele, nauli mbili zimekwenda kwa tofauti ya nusu sentimita.

Ukielewa namba hizi zinatoka wapi, hutazitegemea peke yake tena. Kiatu hutengenezwa juu ya kalibu, kile kiguu cha mbao au plastiki. Namba ya Ulaya hupima kalibu, haipimi mguu wa mtu. Kila namba moja ni theluthi mbili za sentimita, yaani milimita 6.7 hivi. Kwa hiyo 42 ni kalibu ya sm 28, kwa sababu 42 mara 2 gawa kwa 3 ni 28. Kalibu huzidi unyayo kwa sentimita moja na nusu hivi ili vidole vipate nafasi, ndiyo maana 42 ya Ulaya mara nyingi humfaa mwenye unyayo wa sm 26.5.

Namba ya Uingereza nayo hupima kalibu, ila kwa inchi: kila namba ni theluthi ya inchi, karibu milimita 8.5. Hatua zake ni kubwa kuliko za Ulaya, na hapo ndipo jedwali zinapopishana. Ukipanda namba moja ya UK umepanda namba moja na robo ya Ulaya, kwa hiyo kila kampuni hukata nusunusu mahali inapoona panafaa. Ndiyo maana kwa adidas utakuta 42 2/3 na 43 1/3 kwenye ulimi wa kiatu. Hizo theluthi si makosa ya uchapaji, na usizifute kwenye tangazo ukaandika 43 tu, kwa maana 42 2/3 na 43 1/3 ni saizi mbili tofauti na zote utakuwa umeziita 43.

Namba ya Marekani ndiyo inayoangusha wengi, kwa sababu ya wanaume na ya wanawake ni tofauti. US 8 ya kiume ya Nike ni EUR 41, sm 26. US 8 ya kike ya Nike ni EUR 39, sm 25. Ukiandika "US 8" bila kusema ya nani, umeacha pengo la sentimita nzima. Hata uhusiano wa US na UK haufanani kila mahali. Kwa viatu vya kiume, Nike huandika US 8.5 kuwa UK 7.5, adidas huandika US 8.5 kuwa UK 8, na zote mbili zinaita kiatu hicho 42, sm 26.5. Kwa hiyo usichukue jedwali la kampuni moja ukalibandika kwenye mzigo wako wote. Soma lebo ya kiatu kilicho mkononi mwako.

Kisha kuna mzigo wa China, ambao ndio mwingi madukani kwetu. Watu husema "viatu vya China vidogo, ongeza namba moja". Wana sababu, ingawa vyenyewe havijapunjwa. Namba ya China iliyozoeleka hutokana na urefu wa unyayo wenyewe: sentimita mara 2, toa 10. Unyayo wa sm 26 mara 2 ni 52, toa 10 unapata 42. Kwa hiyo 42 ya China ni ya unyayo wa sm 26, wakati 42 ya adidas au Nike ya kiume ni ya sm 26.5. Nusu sentimita hiyo ndiyo inayogusa kidole gumba. Kiatu cha aina hii mara nyingi kina lebo yenye tarakimu tatu, mfano 260 na kando yake 2.5 kwenye mabano. Hiyo 260 ni milimita za unyayo, na namba ya kwenye mabano ni upana: ikiwa kubwa, kiatu ni kipana zaidi. Ukiona tarakimu tatu, ndiyo namba ya kuaminiwa kuliko zote kwenye lebo. Namba ya Japani nayo, J 265 au CM 26.5, ni urefu wa unyayo.

Kwa hiyo tangazo lako lianze na sentimita za unyayo, namba zote nyingine zifuate. Na neno "unyayo" lisikose. Tangazo likisema "sm 27" peke yake, mteja hajui kama umepima mguu unaofaa, soli ya ndani au soli ya chini. Soli ya chini huzidi unyayo kwa sentimita mbili hadi tatu na zaidi, na kwenye raba zenye soli nene iliyotokeza nyuma inazidi hata hapo. Usiipime kabisa.

Lebo ikiwa imefutika, kama ilivyo kwa viatu vingi vya mtumba, pima soli ya ndani. Itoe, ilaze juu ya meza, ikandamize kisigino na ncha zisijikunje, kisha weka rula katikati yake kutoka kisigino hadi ncha. Utepe wa fundi cherehani uliotumika sana huvutika ukarefuka, kwa hiyo ulinganishe na rula kwanza. Ukishapata kipimo, toa sentimita moja kwa raba za kawaida. Tuchukue raba ya adidas ya mtumba. Lebo inasomeka US 8½, UK 8, FR 42, J 265, na hiyo FR ndiyo namba ya Ulaya. Soli ya ndani imetoka, rula inasoma 27.4. Toa 1, unabaki na 26.4, ambayo inakubaliana na 265 ya lebo. Unaandika kwa amani:

```
Raba ya kiume, mtumba, adidas
Inafaa unyayo wa: sm 26.5
Soli ya ndani imepimwa: sm 27.4
Lebo: FR 42 / UK 8 / US 8.5 (kiume)
```

Kama soli ya ndani ingesoma 26.5, ukitoa 1 ungebaki na 25.5, na lebo inadai 265. Tofauti ya sentimita nzima kati ya lebo na soli maana yake kuna kitu: soli imebadilishwa na mtu aliyeikata fupi, imesinyaa kwa kuoshwa na kuanikwa juani, au kiatu si cha kampuni iliyoandikwa. Hapo ingiza kipande cha kadibodi chembamba ndani ya kiatu, kisukume hadi kiguse mbele, weka alama ya kalamu kwenye kisigino, kitoe, kipime, kisha toa sentimita moja vilevile. Kadibodi ikiafiki lebo, tatizo ni soli tu. Ikiafiki soli, sahau lebo. Na upime viatu vyote viwili, cha kushoto na cha kulia, maana kwenye mtumba jozi huchanganywa na hutokea cha kushoto kikawa 42 na cha kulia 42 2/3, rangi na alama zikiwa zilezile.

Kiatu chenye ncha kali mbele kinahitaji kutolewa zaidi ya sentimita moja, kwa sababu vidole haviingii kwenye ile ncha. Pima kutoka kisigino hadi pale upana unapobana kiasi ambacho vidole haviwezi kupita, na useme hivyo kwenye tangazo. Viatu vya watoto viandikwe sentimita peke yake kama inawezekana: namba ya UK ya watoto hufika 13 kisha huanza tena 1, na mama anayesoma "UK 1" anaweza kudhani ni ya mtoto mchanga.

Sasa upande wa mteja. Ukimwambia "pima mguu wako" atashika utepe akiwa ameketi, na atakupa namba fupi, kwa sababu unyayo hutanuka mtu anapousimamia. Mwandikie maelekezo yanayotumia kitu alichonacho. Karatasi ya A4 ina urefu wa sm 29.7 popote iliponunuliwa. Aiweke sakafuni ncha yake fupi ikigusa ukuta, akanyage juu yake kisigino kikigusa ukuta, asimame wima uzito ukiwa kwenye mguu huo. Mtu mwingine aweke alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho kwa wengine ni cha pili wala si gumba. Kalamu isimame wima. Ikilala kuelekea mguuni alama inaingia chini ya kidole na unapoteza milimita kadhaa. Kisha apime nafasi iliyobaki kutoka kwenye alama hadi ncha ya mbele ya karatasi. Ikibaki sm 3.2, unyayo wake ni 29.7 toa 3.2, yaani sm 26.5. Uzuri wa njia hii ni kwamba anaweza kukutumia picha ya karatasi na rula juu yake, ukahakiki mwenyewe. Apime miguu yote miwili na kuchukua mrefu, na apime jioni, kwa kuwa miguu huvimba kidogo kwa kutembea na joto la mchana. Kama raba ataivaa na soksi nene, apime akiwa nazo.

Anapokuletea 26.5, usimuulize tena namba. Mpe adidas ile ya 265. Akiitaka raba ya China iliyoandikwa 42 na 260, mwambie wazi kwamba hiyo ni ya unyayo wa 26 na achukue 43 yenye 265. Hapo ndipo atashangaa, "lakini mimi huvaa 42!" Mjibu kwa sentimita zake mwenyewe na umtumie picha ya lebo. Akiwa katikati ya saizi mbili, mfano 26.2, mpe kubwa kwa raba za kufunga kamba, kwa sababu kamba hukaza. Kwa viatu vya kuchomeka visivyo na kamba ni vigumu zaidi: kikubwa kitamvuka kisigino kila hatua. Kama ngozi ni laini na mguu wake si mpana, kidogo kinaweza kufaa, maana ngozi hutanuka upana. Urefu hautanuki, kwa hiyo kidole kikigusa mbele leo kitagusa na mwezi ujao.

Kiatu kikirudi, muulize kimegusa wapi kabla hujakirudisha kwenye tangazo. Kidole kirefu kikigusa mbele, urefu uliouandika umezidi; punguza sm 0.5 kwenye tangazo la modeli hiyo. Kikibana ubavuni huku vidole vina nafasi, urefu ulikuwa sahihi, na kilichokosekana ni mstari mmoja unaosema kiatu ni chembamba.