Majirani 2.8 kwenye filamu ya germani: kabla hujaandika kwamba vifungo vimekatika

> Wakuu, nina filamu ya germani isiyo na fuwele, unene mikroni 1, imewekwa juu ya kioo kwa uvukizaji. Nimepima EXAFS kwenye ukingo wa K, nikafiti kwa Artemis. S02 nimeiacha 1, σ² nimeifunga 0.0035 kama ya germani ya fuwele. R imetoka 2.44 Å, N imetoka 2.8. Msimamizi anasema niandike kwamba karibu theluthi ya vifungo imekatika. Niandike?

Usiandike, mkuu. Hiyo 2.8 naijua. Nilipokuwa nafanya shahada ya uzamili nami niliwahi kukaa na namba ya ajabu ya filamu kama hiyo, ila yangu ilikosea upande wa pili: nilipata majirani 4.9. Nitakueleza yako kwanza, halafu nirudi kwenye yangu, maana kosa langu ndilo litakalokungojea ukishasahihisha lako.

Elektroni inayong'olewa na eksirei kwenye atomi ya germani husambaa kama wimbi, hugonga majirani na kurudi, na mawimbi hayo mawili yakikutana ndipo tunapoona mikunjo kwenye ufyonzaji. Kwa ganda moja la majirani mlinganyo ni huu:

```
chi(k) = N * S02 * F(k) / (k*R^2)
         * exp(-2*k^2*ss) * exp(-2*R/lambda)
         * sin(2*k*R + delta(k))
```

Hapo `k` ni namba ya wimbi la elektroni na `R` ni umbali wa jirani. Ukiutazama kwa makini utaona vitu vitatu vinavyogombania kimo cha mikunjo: `N`, yaani idadi ya majirani, `S02`, yaani kipunguza kimo cha elementi yenyewe, na `ss`, yaani σ², mtawanyiko wa umbali wa majirani. `N` na `S02` zimezidishwa pamoja moja kwa moja. Hakuna data wala programu itakayozitenganisha; unachopima ni zao la hizo mbili tu. Wewe ukisema S02 ni 1, hujaacha kuchagua, umechagua. Kwa germani thamani huwa karibu na 0.9, na inatakiwa itoke kwenye sampuli rejea, siyo kichwani. Basi 2.8 yako ukiigawa kwa 0.9 inakuwa 3.1. Bado chini ya 4, lakini shimo limeshapungua.

Sehemu iliyobaki inatoka kwenye σ² uliyoifunga. Hii ndiyo inayowanasa wengi kwenye vitu visivyo na mpangilio, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kwenye fuwele kila atomi ya germani ina majirani 4 kwenye 2.45 Å, na wanatikisika tu kwa joto. Kwa joto la chumba hilo linatoa σ² ya 0.0035 Å² hivi. Kwenye filamu yako kuna mtikisiko uleule, lakini juu yake kuna tofauti za kudumu: kifungo kimoja kimevutwa kidogo, kingine kimebanwa. Mimi nilipata nyongeza ya takriban 0.0020, jumla 0.0055. Ukiifunga σ² kwenye ya fuwele, unaiambia programu kwamba filamu imepangika sawa na fuwele. Data inaonyesha mikunjo dhaifu zaidi, na programu haina pa kupeleka udhaifu huo isipokuwa kwenye N. Basi inapunguza majirani.

Ni kiasi gani? Chukua kipengele exp(-2k²Δσ²) na Δσ² ya 0.0020. Kwenye k = 4 kimo cha filamu kinakuwa 0.94 ya kimo cha fuwele, kwenye k = 8 kinakuwa 0.77, na kwenye k = 12 kinakuwa 0.56. Fiti iliyopewa uzito wa k² inasikiliza zaidi eneo la katikati, karibu na k = 8. Zidisha: 4 × 0.9 × 0.77 ni 2.8. Namba yako imekamilika bila kukata kifungo hata kimoja.

Angalia zile namba tatu tena, 0.94, 0.77, 0.56. Kama kweli ungekuwa na vifungo pungufu, uwiano ungekuwa uleule kila mahali. Mtu aliyepungukiwa majirani anapungua sawasawa kwenye k ndogo na kubwa. Mtu mwenye majirani wote lakini waliokaa ovyo anaanza vizuri kisha anazidi kuporomoka k inavyopanda. Hiyo ndiyo njia pekee ya EXAFS kutofautisha N na σ², na ndiyo maana fiti ya k kutoka 3 hadi 8 tu haisaidii kitu hapa: njia ni fupi mno kuona mteremko.

Njia ya kuliona hili kwa macho, kabla ya kufiti chochote, ni ile ya uwiano wa logi. Programu ya Athena inayo, inaitwa log-ratio. Unachuja ganda la kwanza la fuwele na la filamu kwa dirisha lilelile, unachukua logi ya uwiano wa vimo viwili, unaichora dhidi ya k². Ikitoka mstari ulionyooka, mteremko wake ni -2Δσ², na pale unapokata k² = 0 ndipo penye logi ya uwiano wa N (R zikiwa karibu sawa, kama hapa). Mimi nilipata mteremko wa -0.004, na mstari ukapita karibu kabisa na sifuri, yaani majirani walewale 4. Uzuri wa njia hii ni kwamba S02 inakatika yenyewe, kwa kuwa elementi ni ileile juu na chini.

Ila inakatika tu kama sampuli rejea yako ni safi, na hapo ndipo nilipoanguka mimi. Nilisaga germani ya fuwele kwenye kinu kwa dakika chache, nikaipaka kwenye selotepu, nikapima kwa kupitisha mionzi. Fiti ikanipa S02 ya 0.74 na σ² nzuri tu ya 0.0035. Nikaipeleka 0.74 kwenye filamu, na filamu ikanipa N ya 4.9. Germani yenye majirani watano! Siku mbili niliitafuta hitilafu kwenye filamu, kumbe filamu haikuwa na kosa.

Juu ya ukingo wa 11103 eV, eksirei hupenya germani mikroni 10 hivi tu kabla ya kufifia. Chembe zangu zilikuwa kubwa kuliko hapo, na kati ya chembe kulikuwa na matundu. Mionzi inayopita kwenye tundu haijafyonzwa, na chemba ya ioni inaijumlisha na ile iliyofyonzwa kabla hatujachukua logi. Vilele vya ufyonzaji vinabanwa kuliko mabonde, mikunjo inapungua kimo, na S02 inatoka ndogo kuliko ukweli. Dalili ilikuwa mbele yangu: kwa kiasi nilichopima, kimo cha ukingo kilitakiwa kuwa karibu 1, kikatoka 0.7. Sikukiangalia.

Mara ya pili nilisaga hadi poda ikawa laini kama unga wa podari, nikachanganya miligramu 8 na selulosi, nikabana kidonge cha milimita 13. Ukingo ukatoka karibu 1, S02 ikatoka 0.91, na filamu ikashuka yenyewe hadi 4.0. Usijaribu kupima kidonge cha germani tupu kwa floresensi. Hapo sampuli inajifyonza yenyewe na unarudi kwenye kosa lilelile kwa mlango mwingine. Filamu yako ya mikroni 1 ndiyo ipimwe kwa floresensi, kwa sababu ni nyembamba mno kwa kupitisha: ukingo wake ungekuwa chini ya 0.1.

Ukishapata S02, fiti ya filamu kwenye Artemis iwe hivi. Kwenye njia ya kutawanya weka N kuwa 1, na kwenye sehemu ya S02 andika `amp*n`:

```
set    amp  = 0.91
guess  n    = 4
guess  ss   = 0.0050
guess  delr = 0.0
set    enot = (ile ya fuwele)
```

Tumia k kutoka 3 hadi 13 na R kutoka 1.6 hadi 2.8. Hapo data ina taarifa huru zipatazo 7.6 (2ΔkΔR/π), na wewe unatafuta vitu vitatu tu, kwa hiyo una nafasi. Usishangae kilele kwenye picha ya Furie kikikaa kwenye 2.1 au 2.2 badala ya 2.45, huo ni mchango wa awamu, na fiti inaurekebisha.

Nimefunga `enot` makusudi. Umbali unasomwa kwenye kasi ya mikunjo, na E0 ikikosea kwa 2 eV, R inasogea kwa 0.01 Å hivi kwenye k = 8. Ukiziacha zote mbili huru zinasukumana. Linganisha kwanza nishati ya filamu na ya fuwele kwenye Athena, kisha tumia E0 ileile. Nadhani 2.44 yako imetoka hapo, kwa sababu germani isiyo na fuwele huwa na kifungo sawa na cha fuwele au kirefu kidogo, kama 2.46, siyo kifupi. Mgawanyo usio na ulinganifu nao hufupisha R, lakini kwa germani hilo ni suala la elfu chache za angstromu. Kwenye metali zilizoyeyuka, au zilizogandishwa kama kioo, hadithi ni nyingine: mkia wa majirani wa mbali huonekana kwenye k iliyo chini ya 3 tu, ambako hatuwezi kusoma, na hapo N inapotea kweli bila dalili.

Ganda la pili, lile la majirani 12 kwenye 4.00 Å, liache. Kwenye filamu pembe za vifungo zimetawanyika kiasi kwamba ganda hilo limefutika. Ukilifiti utapata jibu, ila utakuwa unafiti kelele.

Kuhusu vifungo vilivyokatika: hata ukifanya yote vizuri utaandika kitu kama 3.9 ± 0.3. Vifungo visivyo na mwenzi kwenye filamu za aina hii huwa chini ya asilimia 1 ya atomi, na hivyo EXAFS haiwezi kuviona kabisa. Msimamizi wako akivitaka, apeleke sampuli kwenye resonansi ya spini za elektroni.

Ukipima tena fuwele, weka hapa picha ya log-ratio pamoja na kimo cha ukingo cha kidonge chako. Mstari ukikunjika badala ya kunyooka, niambie ulitumia dirisha gani.