ETF ama yuniti trasti? Mimi na elfu nne zangu za kila mwezi

Mdogo wangu anafundisha huko Njoro, juzi akanipigia akaniuliza, "Dada, si ETF ndio makato yake madogo, mbona bado unaweka pesa kwa yuniti trasti?" Nikamwambia nitamjibu vizuri nikifunga saluni. Jibu lenyewe ndio hili, maana hata mimi nilianza na wazo kama lake na likanigharimu.

Yuniti trasti, yaani mfuko ambao watu wengi tunachanga pesa na meneja anatuwekezea, kwangu ni rahisi. Tarehe tano natoa 4,000 kwa M-Pesa, meneja wa mfuko anaipokea yote, ikiwa ni mani maketi, ule mfuko unaokopesha serikali na benki kwa muda mfupi, riba inahesabiwa kila siku, serikali inakata asilimia 15 ya hiyo riba, basi. Nikitaka kutoa namwambia huyo huyo meneja, na yeye ndiye ananilipa baada ya siku chache za kazi, sihitaji mtu mwingine anunue vipande vyangu. ETF haiko hivyo. Nayo ni mfuko wa pamoja, lakini vipande vyake vinauzwa kwa soko la hisa la Nairobi, NSE, kama vile unanunua hisa za kampuni, kwa hivyo unahitaji akaunti ya CDS ya kuwekea hisa zako, broka, na mtu wa upande ule mwingine wa kukuuzia au kununua vyako. Na kwetu ETF bado ni za kuhesabu kwa vidole: ya dhahabu ya NewGold iliingia 2017, ya Satrix inayofuata hisa za nchi zilizoendelea ikaja 2025.

Sasa angalia pesa zinaenda wapi. Tuseme kwa skrini ya broka wanunuzi wanatoa 950 kwa kipande kimoja na wauzaji wanataka 1,000. Mimi na 4,000 yangu. Komisheni na ada za soko ni kama asilimia 2, lakini broka wangu alikuwa na kiwango cha chini cha shilingi 100 kwa kila oda, kwa hivyo vipande vinne haviingii, nanunua vitatu, nalipa 3,100, na 900 inabaki imekaa tu kwa akaunti bila riba. Nikiamua kuuza jioni hiyo hiyo napata 2,850, toa 100 ya broka, mkononi 2,750. Shilingi 350 zimeenda na bei ya soko haijasonga hata kidogo.

Basi nikajaribu kukusanya miezi sita, 24,000. Nanunua vipande 23, komisheni 460, nimelipa 23,460. Nikigeuka niuze napata 21,850, toa 437, inabaki 21,413. Nimepoteza kama 2,000, afadhali kuliko mwanzo kwa asilimia, lakini ona kwamba komisheni ni 897 peke yake, zile zingine 1,150 ni ule mwanya kati ya bei ya kununua na ya kuuza. Hauandikwi popote kwa risiti, ndio maana watu hawauoni.

Mdogo wangu akasema, sawa, lakini ada ya mwaka ya ETF ni ndogo. Ni kweli kabisa. Chukua ETF inayokata asilimia 0.5 kwa mwaka na yuniti trasti inayokata 2, na zote zinamiliki vitu vilevile. Kwa 23,000 tofauti ni kama 345 kwa mwaka. Ile 2,000 ya kuingia na kutoka inachukua karibu miaka sita kurudi. Kwa hivyo pesa ya miaka kumi, ETF inashinda. Pesa ya karo ya Januari, hapana, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu mwaka mmoja nilikuwa na karo ya mtoto ndani ya ETF, nikaweka oda ya kuuza Jumatatu, wiki ikaisha hakuna aliyenunua, nikashusha bei mara mbili ndio ikatoka, halafu ukishauza unangoja siku tatu za kazi pesa ikufikie.

Siku hizi nafanya hivi: kila mwezi 4,000 inaingia mani maketi, ikifika kama 24,000 na sina haja nayo, naangalia skrini kati ya saa tatu na nusu asubuhi na saa tisa mchana soko likiwa wazi, naona bei zote mbili na ni vipande vingapi vimeuzwa wiki hiyo. Mwanya ukizidi asilimia 3 siguzi. Ukiwa sawa naweka oda yenye bei niliyoitaja mwenyewe, katikati, kama ni 980 na 1,000 naandika 990, kamwe sibonyezi ile ya kununua kwa bei yoyote iliyopo. Isipokubaliwa naiacha siku kadhaa, pesa nyingine bado inakula riba kule.

Mdogo wangu nimemwambia aanze na mani maketi mpaka afikishe mishahara mitatu, na kabla hajafungua CDS amuulize broka swali moja kwa maandishi: kiwango cha chini cha komisheni kwa oda moja ni shilingi ngapi.