Sura iishe wapi, na zamu ipite vipi?

SWALI: Mimi na mwenzangu tunaandika hadithi ndefu kwa kupokezana, kila mtu yuko kwake, tukiwa tumefungua faili moja na kila mmoja anaona mwenzake anavyoandika. Kila nikifunga sura, yeye ama anakwama ama analalamika kuwa nimemwandikia mhusika wake. Nitajuaje kuwa sura imefika mwisho, na nimwachie nini?

JIBU: Ndugu, sura ifungwe pale mhusika wako anapokuwa ametenda jambo ambalo hawezi tena kulirudisha nyuma, lakini kabla mhusika wa mwenzako hajaitikia. Ukikata mapema kuliko hapo, mwenzako hana cha kujibu; ukichelewa, umekwisha kujibu kwa niaba yake.

Tuchukue mfano wa Seif, ambaye ni mhusika wako, na dada yake Mwanaidi, ambaye ni wa mwenzako. Wamepanda pantoni Magogoni kwenda Kigamboni, na Seif ana karatasi ya mauzo ya kiwanja cha marehemu baba yao mfukoni, jambo ambalo dada yake halijui. Tangu mwanzo wa sura msomaji anajiuliza kama Seif atasema au atanyamaza.

Waandishi wengi hushawishika kukata pale Seif anapoingiza mkono mfukoni, wakidhani hiyo ndiyo taharuki. Kwa msomaji huenda ikawa hivyo, lakini kwa mwandishi mwenzako ni adha, kwa sababu uamuzi bado ni wa Seif, na Seif si wake. Atabaki akielezea upepo, abiria na bajaji zilizopangwa pantonini, akisubiri zamu irudi kwako. Ukiendelea hadi ukaandika kwamba Mwanaidi alilia na kuapa kutomsamehe kaka yake, ndipo lalamiko lile linapozaliwa, na kwa haki kabisa. Mimi ningeishia hapa: «Seif akaikunjua karatasi, akamwekea dada yake mapajani. “Soma mwenyewe,” akasema.» Swali la sura limejibiwa, kwa kuwa Seif amesema, na papo hapo limezaliwa swali jipya ambalo ni Mwanaidi peke yake anayeweza kulijibu.

Kabla ya kuachia zamu, jipime kimyakimya kama unaweza kutaja angalau mambo matatu tofauti ambayo mhusika wa mwenzako anaweza kuyafanya. Mwanaidi anaweza kusoma na kuuliza mnunuzi ni nani. Anaweza kuikunja karatasi bila kuisoma na kumwambia Seif wasubiri wafike kwa mama. Anaweza pia kusema kwamba alikwisha kujua, na hapo hadithi nzima ikageuka. Ukiona njia ni moja tu, kwa mfano Seif ameanguka baharini na lazima aokolewe, hujampa mwenzako zamu bali kazi ya kukumalizia, na ni afadhali uendelee kuandika mwenyewe hadi njia zifunguke.

Ugumu wa kuandika mubashara ni kwamba unajua unatazamwa, hivyo mkono unapenda kuongeza aya moja ya kufafanua Seif alijisikiaje. Rudi nyuma ufute hadi sentensi ya mwisho iwe tendo au kauli inayomwelekea Mwanaidi. Kubalianeni pia kwamba anayesubiri zamu anaruhusiwa kuandika «hapo hapo» pembeni anapoona jibu limemjia. Hiyo si amri, lakini mara nyingi mpokeaji huiona sehemu ya kukata kabla ya anayeandika.

Ukishakata, ruka mstari, andika «zamu yako», kisha chini yake weka hali ilivyo tu: Mwanaidi ana karatasi, hajaisoma, pantoni liko katikati ya maji, mama anawasubiri ng'ambo. Usiandike unachotarajia kitokee, maana tarajio hilo litasomeka kama agizo. Baada ya hapo usiguse aya zako wakati mwenzako anaandika, hata ukiona kosa la tahajia. Maneno yanayohamahama juu ya mtu anayetunga yanaudhi kuliko kosa lenyewe.

Kama umekosea mahali pa kukata, utaona kwenye aya ya kwanza ya mwenzako. Akianza na «Siku iliyofuata», au akielezea upya mandhari uliyokwisha kuielezea, huenda hukumwachia tendo la kujibu. Akianza kwa kutengua, mathalani Mwanaidi afute machozi «ambayo hata hakujua yametoka wapi», ujue ulivuka mpaka. Katika hali zote mbili simamisheni uandishi, rudini kwenye sura iliyofungwa, msogeze mwisho wake sentensi chache mbele au nyuma, naye aanze upya.