Nauli ya mtafuta kazi Mbeya na Iringa: pasi ya bure haipo, ila kuna nauli unazoweza kuziokoa

"Wakuu, nimemaliza chuo, nipo Tukuyu natafuta kazi. Nauli za kwenda kwenye usaili zinanimaliza. Nasikia kuna kadi ya kusafiri bure au nusu nauli kwa wasio na ajira. Inaombwaje?"

Mdogo wangu, kwa mabasi na daladala za huku kwetu kadi hiyo haipo. Unayoisikia ni ya Uingereza. Kule ofisi ya ajira humpa asiye na kazi kadi ya nusu nauli ya treni, lakini lazima awe mkazi wa kule na awe tayari anapokea posho ya serikali yao. Kwa hiyo mtu akikuomba hela Mwanjelwa au WhatsApp "akusajili" upate pasi ya watafuta kazi, huyo ni tapeli. Na ile nauli ya wanafunzi ya shilingi 200 kwenye daladala haimhusu mhitimu, hata kama kitambulisho cha chuo bado unacho.

Kwako wewe, kitu cha kwanza cha kushughulikia ni usaili wa serikali. Kila tangazo la kuitwa kwenye usaili la Sekretarieti ya Ajira linasema msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi. Hakuna fomu ya kuomba urudishiwe, usiitafute. Unachoweza kufanya ni kuufanya usaili uwe karibu na wewe. Kwa kada nyingi sasa hivi usaili unafanyika mikoani, na mkoa wako unachukuliwa kutoka kwenye anuani ya makazi uliyoijaza kwenye akaunti yako ya Ajira Portal.

Hapo ndipo wahitimu wengi wanapopoteza pesa. Akaunti waliifungua wakiwa mwaka wa mwisho chuoni, wakaandika Dodoma au Dar es Salaam, wakarudi nyumbani na anuani wakaiacha vilevile. Tuchukue mtu wa Tukuyu kama wewe ambaye akaunti yake bado inasoma Dodoma. Kwa viwango vya LATRA vilivyoanza Desemba 2023, basi la daraja la kawaida la mikoani ni shilingi 48.47 kwa kilomita. Mbeya hadi Dodoma kupitia Iringa ni kama kilomita 590, yaani karibu 28,600 kwenda tu. Ongeza Tukuyu hadi Mbeya mjini, kama kilomita 70, ambayo ni 3,400 hivi. Kwenda na kurudi ni 64,000, na hapo hujalala wala kula. Anuani ingesoma Mbeya, na usaili ukafanyika Mbeya mjini, angetumia kama 7,000. Halafu usaili wenyewe una hatua. Kuna wa mchujo, na anayefaulu anaitwa tena kwenye mahojiano, kwa hiyo anuani mbaya inaweza kukugharimu zaidi ya safari moja.

Ingia portal.ajira.go.tz, fungua sehemu ya Contact Details, weka mkoa na wilaya unayoishi sasa, hifadhi. Kisha toka na uingie upya uone kama imebaki. Fanya hivyo leo, kabla hujaomba nafasi nyingine. Orodha ya walioitwa ikishatoka na kituo chako kikaandikwa, usitegemee kwamba kubadili anuani kutakihamisha. Na usiandike mkoa usioishi ukidhani ushindani huko ni mdogo, maana usaili utaufuata hukohuko kwa nauli yako.

Nauli nyingine hupotea kwa kurudishwa mlangoni, na inauma kwa sababu umeshalipa na umeshafika. Nakili namba yako ya usaili kutoka kwenye akaunti kabla ya kuondoka nyumbani, kwa sababu pale kituoni hawatoi. Beba vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa hadi cha chuo. "Statement of results" na hati za matokeo za muda hazipokelewi. Beba kitambulisho cha NIDA, cha mpigakura au kingine kilichotajwa kwenye tangazo. Kama jina la cheti cha kidato cha nne halilingani na la chuo, uwe na hati ya kisheria ya majina iliyokwisha kusajiliwa. Hiyo haipatikani kwa siku moja, kwa hiyo ianze mapema.

Kwa kampuni binafsi hakuna sheria inayomlazimisha mwajiri kukulipia nauli ya usaili. Lakini kuuliza hakuharibu nafasi ukiuliza kwa adabu na kabla ya kukata tiketi. Ujumbe mfupi unatosha: "Nashukuru kwa kunialika. Natokea Tukuyu. Naomba kufahamu kama nauli hurejeshwa kwa tiketi, au kama hatua ya kwanza inaweza kufanyika kwa simu." Wengi watakataa la nauli, ila la simu hukubaliwa mara nyingi zaidi ya watu wanavyodhani. Tiketi za mtandao zitunze hata kama hujaahidiwa kitu. Na ukija kupata ajira ya serikali, nauli ya kwenda kuripoti kituo kipya ni stahili yako, na tiketi za safari hiyo ya kuripoti utaziambatanisha kwenye madai yako kwa mwajiri.

Sasa kuna kundi ambalo lina haki ya nauli kabisa na halidai. Ni waliokuwa kazini wakaachishwa mbali na kwao. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinasema kama ajira imekoma mahali tofauti na pale mtu alipoajiriwa, mwajiri amsafirishe yeye na mizigo yake, au alipie usafiri huo, au ampe angalau nauli ya basi hadi kituo kilicho karibu na mahali alipoajiriwa. Tena ampe fedha ya kujikimu kwa siku anazosubiri kusafirishwa.

Mfano ni mashamba ya chai ya Mufindi. Wakala anaingia kijijini Makete, anakusanya vijana na kuwapeleka. Hao wameajiriwa Makete, na kazi ikiisha nauli ya kurudi Makete ni ya mwajiri. Aliyejipeleka mwenyewe hadi getini na kuandikwa hapo ameajiriwa hapo, na dai lake halina miguu. Kwa hiyo angalia mkataba wako umeandika "mahali pa kuajiriwa" ni wapi. Ukikuta wameandika shamba lenyewe wakati ulichukuliwa kijijini, sema hapohapo kabla ya kusaini, na weka kumbukumbu ya tarehe, gari na jina la wakala.

Mwajiri akikataa, omba kwa barua kwanza ubaki na nakala. Kisha nenda ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ya mkoa ulikofanyia kazi. Kwa Mufindi ni Iringa. Jaza fomu CMA F1, mpelekee mwajiri nakala, chukua saini ya kupokea, ndipo uirudishe ofisini pamoja na uthibitisho huo. Dai la nauli na stahili nyingine ni ndani ya siku 60 tangu mgogoro kuanza, ila kama unapinga na kuachishwa kwenyewe ni siku 30. Ukichelewa itabidi uombe kwanza kuongezewa muda na ueleze sababu, na "sikujua sheria" huwa haipiti.